Usiipeleke Namba ya Veni Kwenye Usanifu Kabla ya Kuirekebisha

Wiki iliyopita mhandisi kijana anayefanya kazi kwenye mradi wa barabara ya pwani aliniandikia kuuliza swali fupi. Ripoti ya uchunguzi wa udongo aliyopewa inasema kuwa udongo wa mfinyanzi chini ya tuta lao una nguvu ya mkato ya kilopaskali 20, iliyopimwa kwa veni, na bosi wake amemwagiza aitumie namba hiyo kama ilivyo. Alitaka kujua kama hilo ni sahihi. Nimemjibu kuwa si sahihi, na kwa kuwa swali hilo limenigusa mahali ambapo bado pananiuma, naona ni vema nilijibu hapa kwa urefu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhandisi wa udongo kwenye mradi wa daraja lililovuka mkono wa bahari wenye mikoko. Tuta la kupandia darajani lilipangwa kuwa na kimo cha mita 3.5, na chini yake kulikuwa na tope la kijivu lililokwenda chini sana, laini kiasi kwamba kidole gumba kilizama bila shida. Sampuli za udongo wa namna hiyo huharibika kabla hazijafika maabara, ndiyo maana tuliamua kuupima palepale ulipo.

Veni ni chuma chenye mapanga manne yaliyopangwa kama msalaba. Ya kwetu ilikuwa na kipenyo cha milimita 65 na urefu wa milimita 130. Inasukumwa ndani ya udongo usioguswa, chini ya kitako cha shimo kwa umbali usiopungua mara tano ya kipenyo cha shimo, kisha, kabla dakika tano hazijapita, inaanza kuzungushwa polepole, digrii 6 kwa dakika, hadi udongo ukatike na nguvu ya kuzungusha ianze kushuka. Baada ya hapo mapanga yanazungushwa haraka mara kadhaa ili kuuvuruga udongo, na kipimo kinarudiwa ili kujua nguvu inayobaki. Kwa veni ambayo urefu wake ni mara mbili ya kipenyo, hesabu ni hii:

```
su = 6T / (7πD³)
```

Kwa kipenyo cha milimita 65, hesabu hiyo inatoa jambo linalofaa kukumbukwa ukiwa kazini: nyutonimita moja ya nguvu ya kuzungusha ni sawa, kwa tofauti ndogo mno, na kilopaskali moja ya nguvu ya udongo. Katika kina tulichokitegemea zaidi, mashine ilisoma nyutonimita 23. Tulikuwa tumepima pia msuguano wa vyuma vya kushukia, tukapata 3. Zilizobaki ni 20, kwa hiyo nguvu iliyopimwa ilikuwa kilopaskali 20. Msuguano huo ukisahaulika, udongo unapewa nguvu ambayo ni ya vyuma tu. Kwa hiyo katika karatasi za kazini, sehemu ya kwanza ninayoiangalia hadi leo ni ile ya msuguano, na nikiikuta tupu, ripoti nairudisha.

Hadi hapo hatukubishana na mtu. Ubishi ulianza niliposema kuwa 20 hiyo haiwezi kuingia kwenye usanifu.

Laurits Bjerrum, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Jioteknikia ya Norwei, alikusanya matuta yaliyoporomoka kweli na kuyapigia hesabu upya. Tuta linapoporomoka, kigezo cha usalama, yaani nguvu ya udongo ikigawanywa kwa nguvu inayohitajika kulibeba tuta, ni 1, hilo halina mjadala. Lakini hesabu zilizotumia nguvu ya veni bila marekebisho zilitoa vigezo vilivyozidi 1, na kadiri udongo ulivyokuwa na unyumbufu mkubwa ndivyo ziada ilivyokua. Mwaka 1972 alichapisha mchoro wa namba ya kuzidishia kulingana na PI, kipimo cha unyumbufu huo, yaani tofauti kati ya kikomo cha umajimaji na kikomo cha ufinyanzi. PI ikiwa 20, namba hiyo ni 1; ikiwa 40, ni karibu 0.85, ikiwa 60, ni karibu 0.75.

Sababu kubwa ni muda. Veni huukata udongo ndani ya dakika chache, ilhali tuta huulemea kwa wiki nyingi, na mfinyanzi wenye PI kubwa huonyesha nguvu ya ziada ukikatwa haraka. Sababu ya pili ni mwelekeo: katika veni ya umbo hilo, sehemu sita kati ya saba za ukinzani hutoka kwenye uso wa wima, wakati mporomoko wa tuta hupita kwenye udongo kwa kila mwelekeo.

Udongo wetu ulikuwa na kikomo cha umajimaji 92 na kikomo cha ufinyanzi 32, hivyo PI ilikuwa 60. Mara 0.75, nguvu ya usanifu ikawa kilopaskali 15. Sikutegemea mchoro peke yake. Kipimo cha mgandamizo kilionyesha kuwa shinikizo kubwa zaidi ambalo udongo ule uliwahi kubeba lilikuwa karibu kilopaskali 68, na inajulikana kuwa nguvu ya veni ikisharekebishwa hukaribia 0.22 ya shinikizo hilo. Hapo nako nikapata 15.

Sasa tazama tofauti yake. Tuta la mita 3.5, lenye uzito wa kilonyutoni 19 kwa mita ya ujazo, linakandamiza kwa kilopaskali 66.5. Kwa hesabu ya awali, mfinyanzi laini hubeba mara 5.14 ya nguvu yake ya mkato kabla ya kushindwa. Ukitumia 20, kigezo cha usalama ni 1.55, na kila mtu anatia saini. Ukitumia 15, ni 1.16, wakati sisi tulitakiwa kufikia 1.3.

Niliandika barua nikapendekeza tuta lijengwe kwa awamu, au liwekewe matuta madogo ya kulemea pembeni. Mhandisi mkuu alinijibu mbele ya watu wote kikaoni kuwa mimi ni mwoga, na kwamba namba iliyotoka kazini ndiyo ukweli. Tuta lilipofika kimo kamili, nyufa zilitokea juu yake, zikienda sambamba na barabara, na tope la pembeni likainuka na kulaza mikoko. Matuta madogo niliyoyapendekeza yalijengwa baadaye, kwa gharama kubwa zaidi, na hakuna aliyeitaja barua yangu.

Vijana, msikubali kunyamazishwa na cheo cha mtu. Rekebisheni namba, kisha andikeni PI mliyoitumia kando yake. Rekebisheni mara moja tu. Ulizeni kwanza kama mwandishi wa ripoti hajairekebisha tayari. PI ikiwa chini ya 20, mchoro unatoa namba inayozidi 1, lakini mimi siongezi nguvu hata siku moja. Na msidhani kuwa 0.75 ni namba kamili: matuta yaliyozaa mchoro ule yametawanyika kiasi cha asilimia 25 juu na chini yake, na ndiyo maana tuta la 1.16 linaweza kupasuka. Marekebisho haya hayachukui nafasi ya kigezo cha usalama.

Penye chaza, mchanga au mizizi ya mikoko, mchoro huo hauna kazi. Panga likigonga ganda, nguvu ya kuzungusha hupanda na kushuka kwa mikwaruzo badala ya kupanda taratibu na kuvunjika mara moja, na kipimo hicho hutupwa, hakirekebishwi.

Kijana aliyeniandikia amenitumia karatasi zao za kazini. Msuguano wa vyuma umeandikwa, na kasi pia. PI ndiyo haipo, kwa hiyo nimemwambia aombe sampuli kutoka kina kilekile kabla hajachora duara lolote la mporomoko.