Faida imevunja rekodi, bei ya hisa imeshuka: nilichojifunza baada ya kununua siku chache kabla ya tangazo

Miaka kadhaa nyuma, katikati ya Januari, nilinunua hisa 2,000 za benki moja iliyopo kwenye soko la hisa la Dar. Nilinunua kwa shilingi 520 kila moja, yaani milioni moja na elfu arobaini ukiacha komisheni ya broka. Sababu yangu ilikuwa moja tu, kila niliyeongea naye alikuwa anasema benki hii inaenda kutangaza faida ambayo haijawahi kutokea. Na kweli mwisho wa mwezi ikatangaza, faida ikapanda toka bilioni 100 mpaka bilioni 118, magazeti yakaandika rekodi, mi nikafurahi sana. Wiki mbili baadaye hisa ilikuwa 470. (Namba nimezizungusha kidogo ili hesabu iwe nyepesi na benki yenyewe isijulikane, ila mwenendo ndio huo huo.)

Niliumia. Nikaenda ofisini kwa broka wangu nikamuuliza hivi kuna kitu kibaya kimetokea ambacho sisi wadogo hatujaambiwa? Akanijibu, "Kaka, hakuna siri hapo. Soko lilishaila hiyo habari toka Novemba." Sikumuelewa siku ile, nilimuelewa baada ya kukaa na karatasi na kalamu, na ndicho ninachotaka kukuonyesha hapa.

Benki za hapa kwetu zinatakiwa kuchapisha hesabu zao kila robo ya mwaka, zile kurasa za gazeti zenye vijinamba vidogo vidogo ambazo wengi tunazifunua na kuzipita. Maana yake tangazo la Januari sio habari ya mwaka mzima, miezi tisa ya kwanza ilishachapishwa tangu Oktoba na kila aliyetaka kuiona aliiona. Nikatafuta lile tangazo la Oktoba. Miezi tisa benki ilikuwa imepata bilioni 94, mwaka uliotangulia kwa miezi hiyo hiyo ilikuwa 75. Ongezeko la asilimia 25! Ndio maana watu walianza kununua, na bei ikatoka 400 mwanzoni mwa Novemba mpaka 520 niliponunua mimi. Wenye macho walishajipanga mapema, mi nikawa nanunua kwao.

Sasa toa 94 kwenye 118. Inabaki 24. Halafu fanya hivyo hivyo mwaka uliotangulia, 100 toa 75, inabaki 25. Umeona? Ndani ya mwaka wa rekodi, ile robo ya mwisho ilikuwa chini kuliko robo ya mwisho ya mwaka wa nyuma. Habari mpya pekee iliyokuwepo kwenye lile tangazo ilikuwa hiyo robo moja, na hiyo robo haikuwa nzuri. Kichwa cha habari kilisema kweli kabisa kwamba faida ni kubwa kuliko zote, lakini soko lilikuwa halisomi kichwa cha habari, lilikuwa linasoma tofauti kati ya lilichotegemea na kilichokuja. Aliyeona miezi tisa inakua kwa asilimia 25 alitegemea mwaka ufunge karibu na bilioni 125, akapewa 118.

Nikatafuta na sababu. Kwenye mapato hakukuwa na tatizo, riba ziliingia vizuri, ila ule mstari wa fedha zinazotengwa kwa ajili ya mikopo chechefu ulikuwa umeruka kwenye robo ile ya mwisho. Yaani benki yenyewe ilikuwa inasema kuna wakopaji tunaanza kuwa na wasiwasi nao. Kwa mtu anayenunua hisa ili aishi na benki miaka mitano mbele, mstari ule una uzito kuliko faida nzima ya mwaka uliopita, kwa sababu ya mwaka uliopita imeshapita.

Kitu kingine nilichokiona kwenye hesabu kikanituliza kidogo. Benki ilikuwa na hisa bilioni moja, kwa hiyo faida ya bilioni 100 ni shilingi 100 kwa kila hisa. Mwezi Novemba watu walikuwa wanalipa 400, mara nne ya faida. Niliponunua mimi kwa 520 nilikuwa nalipa mara 5.2 ya faida ile ile, maana mpya ilikuwa bado haijatoka. Ilipotoka ikawa shilingi 118 kwa hisa, bei ikashuka mpaka 470, ambayo ni karibu mara nne ya 118. Kwa hiyo bei ilirudi pale ilipokuwa ukilinganisha na faida, kile kilichoyeyuka ni ile nyongeza ya matumaini niliyoilipia mimi. Aliyenunua Novemba kwa 400 bado alikuwa juu kwa shilingi 70 kila hisa wakati mimi niko chini kwa 50, na wote tuna hisa ile ile.

Usidhani ni soko letu dogo tu. NVIDIA, wale watengeneza chipu wa Marekani, tarehe 28 Agosti 2024 walitangaza mapato ya robo ya dola bilioni 30, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia, na faida ya bilioni 16.6, rekodi. Kesho yake hisa ikaanguka zaidi ya asilimia 6. Kwa nini? Walisema robo inayofuata wanategemea mapato ya bilioni 32.5 hivi. Ni hela nyingi mno, lakini ukipiga hesabu ni ukuaji wa kama asilimia 80 kwa mwaka, wakati robo waliyotoka kuitangaza ilikua kwa asilimia 122, na hisa ilikuwa imeshapanda zaidi ya mara mbili tangu Januari. Bado wanakua sana, ila wanapunguza mwendo, na bei ilikuwa imepangwa kwa mwendo ule wa juu.

Tofauti ya kwetu ni kwamba wanunuzi ni wachache, hivyo bei inashuka hata kwa wauzaji wachache. Broka alinionyesha skrini yake, upande wa wanunuzi kulikuwa na mtu anataka hisa 300 kwa 515, mwingine 1,200 kwa 500, mwingine 2,000 kwa 490, basi. Mtu mmoja akija na hisa 5,000 anazotaka kuziuza leo leo, wote hao wameisha na bado ana mzigo.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya tangazo nafanya vitu viwili tu. Naangalia bei imepanda kwa asilimia ngapi tangu tangazo la robo iliyopita, ikiwa imepanda kwa kasi kuliko faida yenyewe inavyokua, sinunui, nasubiri. Na tangazo likitoka naitoa ile miezi tisa kwanza niione robo yenyewe ilivyo, halafu nashuka kwenye mstari wa mikopo chechefu. Kama bei imeshuka na robo ni nzuri na mstari ule umetulia, hapo ndipo naanza kufikiria kununua. Ila angalia pia tarehe ya mwisho ya kununua hisa ikiwa bado na gawio, maana baada ya tarehe hiyo bei huwa inapungua kwa kiasi kinachokaribiana na gawio lenyewe na haimaanishi kampuni imeharibika, anayenunua baada ya hapo halipwi lile gawio, basi analipa pungufu.

Zile hisa 2,000 sikuziuza. Mwezi Aprili robo ya kwanza ilipotoka nilienda moja kwa moja kwenye ule mstari, fedha za mikopo chechefu zilikuwa zimerudi chini, nikaongeza hisa 1,000 kwa 465.