Re: Kibarua cha siku, kwa mwezi ni shilingi ngapi?

> "Nalipwa 15,000 kwa siku, saidia fundi hapa Dar. Jumapili sifanyi kazi. Aprili hii ya masika nitarajie kama ngapi?"

Mkuu, usizidishe kwa 30, hiyo 450,000 hutaiona. Toa Jumapili nne kwanza, unabaki na siku 26.

Kwenye mvua ndipo wengi wanapokosea. Tuseme imenyesha siku 12. Ukitoa zote 12 kwenye 26 unapata siku 14, yaani 210,000, na hapo umejipunja. Mbili zilinyesha Jumapili, ambazo ulishazitoa. Nne zilinyesha usiku, asubuhi site pakavu, kazi kama kawaida. Nne zilianza alfajiri, hizo ni sifuri. Mbili zilikuja saa sita mchana, mkalipwa nusu siku. Kwa hiyo umepoteza siku nne na nusu mbili, jumla tano. 26 toa 5 ni 21, mara 15,000 unapata 315,000.

Ila angalia mko hatua gani. Kwenye msingi, hata mvua ya usiku inajaza mtaro, na kesho yake mnashinda mnachota maji, au bosi anasema rudini nyumbani. Mkishapaua na kazi ni plasta ya ndani, mvua haikugusi sana. Na ulizia mapema kama nusu siku inalipwa. Nilishafanya site moja ambayo mvua ikiwakuta saa tano mnapewa nauli tu.

Mwezi mmoja weka alama kwenye kalenda: 1, nusu, au 0.