Ngazi mbili za NO: kutoka Z hadi uwezo wa joto

Maswali yafuatayo yanahusu Z, yaani jumla ya e^(−βE) ya hali zote za nishati, na majibu yote yanatumia molekuli moja, oksidi ya nitriki (NO). Elektroni zake zina ngazi mbili za chini zilizo karibu sana, na pengo kati yake, ε, ukiligawa kwa k, namba thabiti ya Boltzmann, unapata takribani 174 K. Ngazi ya tatu iko juu mno, kwa hiyo katika halijoto za kawaida tunaiacha.

"Z nimeshaipata, ni 1 + e^(−βε). Nishati ya wastani inatokaje humo?"

Kumbuka β = 1/kT. Chukua ln Z, tafuta derivativu yake kwa β, kisha geuza alama:

⟨E⟩ = −d(ln Z)/dβ = ε e^(−βε) / (1 + e^(−βε))

Sehemu e^(−βε) / (1 + e^(−βε)), yenye Z chini, ndiyo uwezekano wa molekuli kuwa ngazi ya juu. Tuliite p, basi ⟨E⟩ = εp. Tujaribu T = 174 K, ambapo βε = 1. Kwa kuwa e^(−1) = 0.368, Z ni 1.368 na p ni 0.368/1.368, yaani 0.269. Kwa hiyo molekuli 27 hivi katika kila 100 ziko juu, na nishati ya wastani ni 0.269ε. Ukipata zaidi ya 0.5ε, rudi nyuma: katika mizania ya joto ngazi ya juu haiwezi kuwa na molekuli nyingi kuliko ya chini.

"Uwezo wangu wa joto unatoka hasi. Nimekosea wapi?"

Karibu kila mara kosa liko kwenye kuhama kutoka β kwenda T. Uwezo wa joto, C, ni derivativu ya ⟨E⟩ kwa T, ila fomula yako imeandikwa kwa β, kwa hiyo lazima uzidishe kwa dβ/dT, ambayo ni −1/(kT²). Derivativu ya ⟨E⟩ kwa β nayo ni hasi: −ε²p(1 − p). Hasi mbili zinafutana:

C = k (βε)² p(1 − p)

Ukisahau alama moja, jibu zima linageuka. Kwa 174 K tunapata 1 × 0.269 × 0.731 = 0.197k, na kwa moli moja ni 0.1966 × 8.314, yaani 1.63 J/K. Njia hii ina kinga ndani yake: p(1 − p) na mraba wa βε haviwezi kuwa hasi.

"Kwa nini C inapanda halafu inashuka? Nilidhani itapanda tu."

C inapima mteremko wa ⟨E⟩, si ukubwa wake. Kwenye baridi kali kT ni ndogo mno kando ya ε. Ongeza joto kidogo na bado hakuna molekuli inayoruka, kwa hiyo C iko karibu na sifuri. Kwenye joto kubwa molekuli zimeshagawanyika karibu nusu kwa nusu, ⟨E⟩ imefika karibu ε/2, na hakuna nafasi tena ya kumeza nishati. Katikati ndipo kuna kilele, kiitwacho kilele cha Schottky. Kinatokea βε ikiwa takribani 2.40, na urefu wake ni 0.44k.

Kwa NO hiyo ni 174/2.40, kama 73 K. Hapa kuna mtego: NO huganda karibu na 109 K, kwa hiyo gesi yenyewe hukuonyesha mteremko wa upande wa joto tu. Mteremko huo lakini unapimika kweli. Kwa 298 K fomula inatoa 0.65 J/K kwa moli. Jumlisha 29.10 za mwendo na mzunguko kwa kanieneo thabiti, na 0.07 za mtetemo, unapata 29.82, majedwali yana takribani 29.8. Naitrojeni, isiyo na ngazi hizo mbili, ina 29.1.

"Kila ngazi ya NO ina hali mbili. Nizidishe Z kwa 2?"

Ndiyo, Z = 2 + 2e^(−βε). Ila ln 2 ni namba isiyobadilika, derivativu inaifuta, na ⟨E⟩ na C hubaki vilevile. Entropia ndiyo inayoongezeka, kwa k ln 2. Kama idadi za hali zingetofautiana, namba hizo zingebaki ndani ya p, na kilele kingehama.

"Programu inaandika nan nikishuka chini ya 0.25 K."

Umeandika e^(+x), x ikiwa βε. Ikipita x ≈ 709, `np.exp` inatoa `inf`, na `inf/inf` ni `nan`. Tumia alama hasi:

```python
x = 174.0 / T
w = np.exp(-x)
C = 8.314 * x**2 * w / (1 + w)**2
```

Sasa w inazama hadi 0, na C inakuwa 0 kama fizikia inavyotaka.