Maoni ya mtakwimu kwa makala iliyosahau klasta

*"Nimepewa makala niihakiki. Vituo vya afya 12, sita vimepewa ujumbe wa simu na sita havikupewa. Wajawazito 50 kila kituo. Wamelinganisha mahudhurio manne ya kliniki, 60% dhidi ya 50%, kwa khi-mraba, p = 0.014. Nahisi hapako sawa. Niwaandikieje bila kuwavunja moyo?"*

Umehisi vyema, mkuu. Kilichopigiwa kura ya kugawa makundi ni kituo, siyo mama. Akina mama wa kituo kimoja, yaani klasta moja, wana muuguzi yuleyule na barabara ileile, kwa hiyo majibu yao yanafanana, na mama wa hamsini haongezi taarifa nyingi kama wa kwanza. Khi-mraba inawahesabu wote 600 kama watu wasiohusiana, ndiyo maana p inatoka ndogo kuliko inavyostahili.

Usiishie kuandika "uchambuzi haufai". Waonyeshe ukubwa wa tatizo kwa namba zao wenyewe. Mimi ningeandika hivi:

"Tunawashukuru waandishi kwa kueleza wazi kwamba kura ilipigwa kwa vituo. Hata hivyo, uchambuzi umefanywa kwa mama mmoja mmoja. Kwa mfano tu, tukichukua mfanano wa ndani ya kituo ρ = 0.05, basi 1 + (50 − 1) × 0.05 = 3.45, na akina mama 600 wanabeba taarifa ya takriban 174. Tofauti inabaki asilimia 10, lakini kosa sanifu linapanda kutoka 4.0 hadi 7.5, na kwa digrii huru 10 kipindi cha uhakika cha 95% kinaanzia −6.7 hadi 26.7. Tunaomba uchambuzi urudiwe kwa kuzingatia kituo, na ρ iliyokadiriwa kutoka kwenye data iripotiwe."

Maneno "kwa mfano tu" usiyaondoe. Hiyo 0.05 ni dhana yako. Ya kwao inaweza kuwa 0.01 au 0.10, na upana wa kipindi cha uhakika ukabadilika.

Kisha wape njia. Wengi watakimbilia GEE, njia ya kuchambua data zenye klasta, lakini kwa klasta 12 makosa sanifu yake hutoka madogo mno yasiporekebishwa. Kwa kuwa vituo vina idadi sawa ya akina mama, njia rahisi ndiyo salama: wastani mmoja kwa kila kituo, kisha jaribio la t kwa namba 12. Hapa `mahudhurio` ni 0 au 1:

```r
k <- aggregate(mahudhurio ~ kituo + kundi, data = d, FUN = mean)
t.test(mahudhurio ~ kundi, data = k, var.equal = TRUE)
```

Wakitaka kuingiza umri au uzazi uliotangulia, modeli mchanganyiko yenye kituo kama athari nasibu inafaa, mradi digrii huru zirekebishwe kwa uchache wa vituo.

Makala ikirudi na sentensi "tumezingatia klasta", tazama kwanza digrii huru za jaribio la t. Ukikuta 598 badala ya 10, bado wanahesabu akina mama.