Jibu: Sura za kitabu cha sauti zinachanganyika kwenye simu

"Nina faili 180 za kitabu kimoja, zilitoka kwenye CD 12. Simu inapiga sura ya kwanza ya kila CD, halafu za pili zote. Jalada linaonekana kwa baadhi tu."

Waaleikum salaam sheikh. Angalia kwanza namba ya wimbo ndani ya faili, si jina la faili. Kila CD ilianza upya na 1, kwa hiyo simu inaona namba 1 kumi na mbili.

Fungua folda zote pamoja kwenye Mp3tag, programu ya kompyuta ya kuhariri maelezo yaliyo ndani ya faili za sauti, bonyeza kichwa cha safu ya `Path` zijipange, kisha pitisha jicho. Folda ikiitwa CD1 badala ya CD01, hakikisha CD10 haijaruka mbele ya CD2. Mpangilio unaouona ndio utakaoandikwa. Chagua zote, bonyeza `Ctrl+K` ufungue dirisha la kutia namba, tia alama `Leading zeros` na uondoe ile ya `Reset counter for each directory`. Utapata 001 mpaka 180. `Album` na `Album Artist` ziwe sawasawa kwa zote. Hata nafasi moja ya ziada hukigawa kitabu mara mbili.

Jalada hunakiliwa ndani ya kila faili. Picha ya MB 2 mara 180 ni MB 360, na kwa bei za bando hapa Unguja sikushauri umtumie mtu mzigo huo. Ipunguze iwe 600 kwa 600, kama KB 100 hivi, jumla MB 18. Futa majalada ya zamani kwa `Remove cover`, weka jipya, `Ctrl+S`.

Simu ikiendelea kuonesha la zamani, futa kitabu kizima humo kisha ukinakili upya.