Wanalike, wanauliza bei, halafu kimya: tafuta wanapodondokea

Mama mdogo anauza dagaa Kibirizi hapa Kigoma, mimi ndo nashika simu ya biashara, na kila mtu alikuwa anatuambia kitu kimoja tu: postini zaidi, lipieni tangazo. Sasa kabla ya kulipia chochote kaa chini na kalamu uhesabu njia yote anayopita mteja, kuanzia kuona posti mpaka hela kuingia, alafu kila hatua igawe kwa ile iliyo nyuma yake.

Namba za juu unazikuta Instagram, kwenye takwimu za akaunti ya biashara: `Accounts reached`, `Profile visits` na `External link taps`, yaani waliogusa linki ya Wasapu. Chukua hiyo ya watu waliofikiwa, sio ya views, maana mtu mmoja akiiona video mara tano anahesabika views tano. Kuanzia Wasapu kushuka chini unahesabu mwenyewe kwenye meseji, lebo za Wasapu Biznesi zinasaidia sana hapo.

Yetu ilikaa hivi. Posti ilifikia watu 6,000, waliofungua profaili 300, hiyo ni 5%. Kati ya hao 300, waliogusa linki ni 100, kama 33%. Waliotuma meseji kweli 80, yaani 80%. Waliotaja kilo wanazotaka na mkoa walipo 56, hiyo 70%. Waliolipa? 7. Saba kwa 56 ni 12.5%.

Ukiangalia haraka utasema tatizo ni ile 5% ya juu kwa sababu ndo ndogo kuliko zote, lakini pale juu kuna watu wanaopitisha kidole tu wakisubiri daladala, hawana mpango wa dagaa, so namba ndogo pale ni kawaida. Ya kushtua ni hiyo 12.5%, kwa sababu huyu mtu ameshasema nataka kilo tatu, nipo Morogoro. Huyo sio mpita njia. Na tungelipia tangazo tukafikia watu mara mbili, tungepata wateja 14 kama bahati ikikaa vizuri, ila na meseji 160 za kujibu.

Hesabu inakuonyesha wapi, haikuambii kwanini. Hapo inabidi usome meseji moja moja, na mimi nilizisoma zote 56. Karibu kila moja inaishia sehemu ileile, mteja anauliza "na nauli ya basi mpaka huku jumla inakuwa ngapi?", mama mdogo yuko mwaloni asubuhi anapokea dagaa, mikono imejaa magamba, anajibu jioni. Nikazigawa mafungu mawili: waliopewa jumla ndani ya saa moja walikuwa 20, wakalipa 5, ambayo ni 25%. Waliosubiri zaidi walikuwa 36, wakalipa 2, haifiki hata 6%.

Ila usikimbilie kushangilia, inawezekana waliojibiwa haraka ni wale walioandika jioni wakiwa wametulia nyumbani na hela ipo, sio haraka yetu iliyowafanya walipe. Njia ya kujua ni kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Tukatengeneza majibu ya haraka kwenye Wasapu, unaandika `/dar` au `/moro` inatoka bei ya kilo, nauli ya mzigo, siku ya kufika na namba ya kulipia, vyote kwenye meseji moja. Posti hatukugusa. Mzunguko uliofuata walioagiza walikuwa 60, wakalipa 15, yaani 25% hata kwa walioandika asubuhi wakiwa kazini.

Hapo kwenye kulinganisha, wauza dagaa tuna mtego wetu. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapungua na bei inapanda, kwahiyo ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi utadhani umeharibu kitu kumbe ni mwezi tu. Sisi tunalinganisha giza na giza. Na mteja umhesabu kwenye wiki aliyotuma meseji hata kama kalipa baadaye, kuna wanaosubiri mshahara, ukifunga hesabu mapema unawaandika wamepotea na wako njiani.

Kuna na wale wanaosikia habari zetu kwa ndugu zao wanakuja Wasapu moja kwa moja bila kuona posti, hao waulize "umetuona wapi?" na uwaweke kwenye hesabu yao, la sivyo utakuta meseji zimezidi waliogusa linki. Ile 5% ya juu bado tumeiacha kwanza, maana kati ya wanaoagiza, 45 kwa kila 60 bado hawalipi, na safari hii nikisoma meseji zao naona wengi wanaogopa kutuma hela kwa mtu wasiyemjua, so tunachojaribu sasa ni kumtumia mteja picha ya risiti ya basi ya mzigo wa mtu mwingine wa mkoa wake, jina na namba tumeziziba.