Ukigusa U ya usiku kwenye rosta, soma kiboksi cha kesho yake kwanza

*"Nimetumiwa picha ya rosta ya wiki ya wodi yetu, tuko saba. Alhamisi usiku wameandikwa wawili, Ijumaa usiku hakuna mtu. Nikimchukua mmoja wa Alhamisi nikamsogeza Ijumaa si itakuwa imeisha? Na je, niichape kwenye Excel au niiache ya mkono, na wenzangu niwaambieje?"*

Mkuu, usimsogeze mtu. Weka kalamu chini kwanza.

Nimeikuza picha yako nikaikagua kiboksi kwa kiboksi, na hicho unachotaka kufanya ndicho nilichokifanya mimi mwaka wangu wa kwanza kupanga zamu. Wawili usiku mmoja, usiku unaofuata mtupu, nikavuta jina hatua moja kulia. Nikahesabu kwenda chini, kila zamu ina mtu. Nikahesabu kwenda pembeni, kila mtu ana ofu mbili. Nikabandika ukutani nikaenda kulala.

Yule dada niliyemvuta alikuwa na A, yaani zamu ya asubuhi, siku ya pili yake. Akatoka usiku saa moja asubuhi, na A inaanza saa moja asubuhi ileile. Hakuuliza, maana karatasi ilikuwa ukutani na jina lake lilikuwepo. Akabadilisha gauni, akaendelea. Saa tano asubuhi akawa amesimama mbele ya toroli la dawa, kikombe cha vidonge mkononi, anaelekea kitanda kisicho chake. Mwenzake akamshika mkono kabla hajafika. Mgonjwa hakudhurika, lakini dada yule alilia pale koridoni, na barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake, si kwa langu niliyempanga saa kumi na sita mfululizo. Nilipokwenda kueleza kwamba kosa ni la rosta nikaambiwa faili limeshafungwa. Hilo bado linaniuma.

Na aliyenikabidhi kazi ile, mtu wa miaka mingi kwenye zamu, maelekezo yake yote yalikuwa sentensi moja: "Wewe angalia kila kiboksi kina herufi, ofu zijae mbili mbili, basi." Basi! Unamkabidhi mtu maisha ya wenzake kwa "basi". Kama na wewe umefundishwa hivyohivyo, aliyekufundisha amekudanganya, hata kama hakukusudia.

Sasa tazama picha yako mwenyewe. Kwanza hakikisha mgongano upo kweli, maana J ya jioni na U ya usiku zilizoandikwa kwa mkono, kwenye picha iliyopigwa kwa kuinama, zinafanana kama mapacha. Kila siku mnahitaji wawili asubuhi, wawili jioni, mmoja usiku, yaani watano. Alhamisi nimehesabu A mbili, J mbili, U mbili, jumla sita. Ingekuwa J moja na U mbili ningesema umesoma vibaya. Ijumaa wako wanne. Kwa hiyo mtu mmoja amezidi Alhamisi na amepungua Ijumaa, mgongano ni wa kweli. Na kwa wiki nzima zamu ni 35, nyie saba mara zamu tano ni 35. Hamna mtu wa ziada hata mmoja, kwa hiyo kila unayemgusa anaacha shimo mahali.

Wenye U ya Alhamisi ni mstari wa tatu na wa tano. Hivi ndivyo walivyo kuanzia Jumatano, na nimeongeza wa sita, utaona kwa nini:

```
        Jtano  Alh  Ij  Jmosi  Jpili
Wa 3      O     U    O    A      A
Wa 5      O     U    O    J      J
Wa 6      A     J    J    O      U
```

Mvute wa tatu. U inaingia Ijumaa, ofu inarudi Alhamisi. Ofu zake bado mbili, safu zote zimejaa, hesabu inakupongeza. Lakini U ya Ijumaa inaanza saa tano usiku na kuisha Jumamosi saa moja asubuhi, dakika ileile ambayo A yake ya Jumamosi inaanza. Umemfanyia kama nilivyomfanyia yule dada.

Mvute wa tano basi. Anatoka Jumamosi saa moja asubuhi, anarudi J saa tisa alasiri. Ana muda wa saa nane tu katikati, na humo atoe safari ya kwenda nyumbani, kuoga, kula, kulala mchana kwenye kelele, na safari ya kurudi. Sheria za Ulaya zinataka angalau saa 11 za kupumzika ndani ya kila saa 24. Hata kama sheria ya kwenu inasema vingine, mwili wa mtu haujui mpaka wa nchi.

Kwa hiyo kati ya hao wawili hakuna hata mmoja anayeweza kusogezwa moja kwa moja. Dawa iko kwa mtu ambaye hukumfikiria kwa sababu hayumo kwenye mgongano: wa sita. Ijumaa yake ibadilike kutoka J kuwa U. Anatoka Alhamisi saa tano usiku, anaingia Ijumaa saa tano usiku, katikati saa 24. Anatoka Jumamosi asubuhi na hana kitu mpaka Jumapili saa tano usiku, saa 40. Kisha wa tano apumzike Alhamisi, Ijumaa ashike J aliyoiacha wa sita. Kutoka J ya Ijumaa mpaka J ya Jumamosi ni saa 16, na ofu zake sasa zinafuatana, Jumatano na Alhamisi. Wa tatu usimguse kabisa, abaki na U yake ya Alhamisi.

```
        Jtano  Alh  Ij  Jmosi  Jpili
Wa 3      O     U    O    A      A
Wa 5      O     O    J    J      J
Wa 6      A     J    U    O      U
```

Hesabu chini: Alhamisi watano, Ijumaa watano. Pembeni hakuna aliyeongezewa zamu.

Umeona kilichoamua? Si idadi ya ofu. Ni kiboksi kinachofuata U. Siku hizi nikinakili rosta kutoka kwenye picha, kila U naichorea mshale unaoingia kwenye kiboksi cha kesho yake, kwa sababu U inakula siku mbili. Kiboksi chenye mshale hakipokei A wala J. Kikiwa na O, najua hiyo ofu imeanza saa moja asubuhi mtu akiwa hajalala, na siihesabu kuwa sawa na ofu ya aliyetoka jioni na kulala kwake. Mtu mwenye O moja tu kwa wiki, na hiyo moja ina mshale, huyo hajapumzika, hata karatasi iseme nini. Mkataba namba 14 wa 1921 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, uliandikwa kwa ajili ya viwanda, lakini unazungumzia saa 24 mfululizo katika kila siku saba, na neno la kushika hapo ni "mfululizo".

Jambo moja linanisumbua kwenye picha yako. Imekatwa ukingoni. Wa sita sasa ana U ya Jumapili inayoisha Jumatatu asubuhi, na Jumatatu hiyo haionekani. Vilevile sioni Jumapili iliyopita, na mstari wa kwanza una A Jumatatu. Kama alikuwa usiku Jumapili, mnao mgongano wa pili ambao hakuna aliyeuona. Nenda ukapige picha ya karatasi ya wiki iliyopita na ya wiki ijayo, zote nzima, kingo zote nne zionekane, uzitume hapa kabla hujambadilisha mtu yeyote.